Sabuni Kabla ya Tonge

Nenda kijiji chochote cha Lamu, kuanzia Matondoni hadi Kizingitini, umwambie mtu mzima anawe mikono kabla ya kula. Atakutazama kwa upole, na moyoni atajiuliza wewe umelelewa wapi. Watu hawa hutawadha mara tano kwa siku. Mgeni hajaketi vizuri mkekani, mtoto wa nyumba ashamfikia na birika na bakuli, anammiminia maji. Kunawa ni adabu ya sinia kabla ya kuwa habari ya hospitali, na filamu itakayokuja kijijini kuwahubiria watu hawa "nawa mikono" itatazamwa kwa heshima, itapigiwa makofi, kisha kila mtu atakwenda zake kulala akiwa vilevile alivyokuja.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuandika filamu ya dakika sita kuhusu kunawa mikono, jambo la kwanza lilikuwa kuacha kuandika na kukaa karibu na masinia. Ukitazama kwa makini utaona sabuni ipo. Haikosekani kabisa ila kwenye nyumba chache. Lakini angalia inapotokea. Kabla ya kula ni maji matupu, kiganja kinapita chini ya birika mara moja na mkono unaingia kwenye wali. Baada ya kula, hasa ikiwa kitoweo ni samaki, ndipo mtu anaitisha sabuni, anasugua vidole mpaka kwenye kucha, ananusa, anasugua tena. Desturi ya sabuni ipo na inafanywa vizuri sana, ila imekaa upande wa pili wa chakula. Filamu nzima nikaiona hapo: kuihamisha sabuni kutoka baada ya tonge kuja kabla ya tonge.

Shirika lililotaka filamu lilikuwa na mawazo mengine. Lilileta orodha: nyakati tano za kunawa, kuchemsha maji, kufunika chakula, kuchimba choo, kunyonyesha, chanjo, na mwisho salamu kutoka kwa mkurugenzi. Yote hayo ndani ya dakika sita, na iwe tayari kabla ya tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, inayoadhimishwa tangu 2008. Sibishani na hata kimoja kati ya hivyo, kila kimoja ni kweli. Ila mtazamaji aliyekaa kwenye mkeka uwanjani usiku, mtoto mmoja mapajani na mwingine anamvuta buibui, atatoka na jambo moja. Ukimpa saba, yeye ndiye atakayechagua hilo moja, na mara nyingi atachagua lile ambalo tayari analifanya.

Tukabishana, tukabaki na nyakati mbili. Unapotoka chooni, pamoja na unapomtawaza mtoto. Na kabla mkono haujagusa chakula, chako au cha mtoto unayemlisha. Hizo mbili hazikuchaguliwa kwa sababu ni fupi. Vijidudu vya kuhara hutoka kwenye kinyesi na safari yao huishia mdomoni, na kidole ndicho chombo wanachopanda mara nyingi. Hapo kwenye nyakati mbili ndipo wanapopanda na wanaposhuka. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kuhimiza kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa takriban theluthi moja. Kwa kipande cha sabuni, si haba.

Baada ya hapo inakuja kazi ngumu kuliko hadithi yenyewe: mstari utakaorudiwa.

Mstari wa kwanza aliopendekeza kila mtu ulikuwa "twahara ni nusu ya imani". Ni hadithi ya Mtume, hakuna wa kuipinga, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake kwa kazi hii. Watu wataitikia kwa kichwa, watasema kweli kabisa, na hakuna kiungo kitakachosogea. Maneno yenyewe hayamwambii mtu ashike nini wala lini. Wa pili ulikuwa mzuri masikioni: "maji hulowesha, sabuni hutakasa". Mwalimu wa madrasa tuliyempelekea rasimu akaukataa papo hapo, na alikuwa na haki. Katika fikihi kinachotwaharisha ni maji. Ukiiambia hadhara ya Waislamu kwamba maji hulowesha tu, mzee mmoja atasimama katikati ya filamu kukusahihisha, na kuanzia hapo hakuna atakayeitazama tena filamu, wote watakuwa kwenye mjadala. Nami nisingemlaumu.

Mstari niliouhitaji ulipaswa kutaja kitu kimoja cha kushika na wakati wa kukishika. Usitaje ugonjwa, usitaje uchafu wa mtu, usimkaripie mtu yeyote. Na uwe na mizani, kwa sababu huku pwani maneno yenye mizani hukaa kichwani bila kualikwa. Tukafika hapa:

Sabuni kabla ya tonge, na utokapo chooni.

Hesabu mwenyewe. Sa-bu-ni-ka-bla-ya-to-nge, nane. Na-u-to-ka-po-cho-o-ni, nane. Ni mshororo kamili wa shairi, kipande na kipande, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye maulidi au harusi ya Lamu anao mdundo wake damuni. "Tonge" nililing'ang'ania kwa sababu lile unalojipigia wewe na lile unalomtilia mtoto mdomoni ni tonge hilohilo. Neno moja limemaliza habari ya kula na ya kulisha. Na kwa kuwa mstari una vipande viwili, mtu mmoja anaweza kuanza na mwenziwe akamalizia, kama tunavyofanya kwenye vitendawili. Faida ya hilo nitaieleza mbele.

Sasa hadithi. Kila filamu ya afya hukwama mahali pamoja: vijidudu havionekani. Wengi hukimbilia kuchora katuni, madudu ya kijani yenye meno yanayocheza juu ya kiganja. Mimi sipendi, na si kwa sababu ya ladha tu. Mtu akishaonyeshwa dude lenye meno, atatazama kiganja chake, asilione, na ana haki ya kuhitimisha kwamba yeye hana. Nilitaka kitu ambacho kila mtu uwanjani ameshakiona kwa macho yake na anajua fika kwamba maji peke yake hayakitoi.

Harufu ya samaki ilionekana jibu la wazi. Mvulana amekata chambo asubuhi, ananawa kwa maji, ananusa, harufu ipo palepale. Hadithi hiyo tuliwasimulia watu barazani kabla ya kupiga picha hata moja, na hatua hiyo nampendekezea yeyote anayeandika filamu ya aina hii, kwani kusimulia hakugharimu chochote na kupiga picha upya kunagharimu. Mama mmoja akasikiliza mpaka mwisho akasema, basi hapo ni ndimu. Wenzake wakakubali: ndimu inatoa harufu ya samaki kuliko sabuni yoyote. Wana kweli. Kwa hiyo filamu ya harufu ingefundisha kijiji kizima kunawa kwa ndimu kabla ya kula, na hicho sicho tulichokuwa tunauza.

Tukaenda kwenye masizi. Sufuria iliyopikiwa kuni ina masizi chini, na masizi yale yana mafuta ndani yake. Ukiyashika ukapitisha mkono chini ya birika, maji yanateleza juu yake na weusi unabaki kwenye mistari ya kiganja na pembezoni mwa kucha. Sabuni ikija, yanatoka. Ndimu haifui dafu hapo. Na zaidi ya kuonekana mkononi, masizi yanaacha alama kwenye kila unachogusa, na huku chakula cha mchana ni wali, mweupe. Tena si mazingaombwe ya filamu, maana kinachotokea ndicho kilekile. Kiganja kina mafuta yake ya asili, vijidudu vimenata kwenye mafuta hayo, na sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji. Ukisugua, inayang'oa mafuta pamoja na vilivyonata, maji yanavichukua. Maneno hayo hayamo kwenye filamu. Yamo kwenye alama nyeusi juu ya wali.

Hivi ndivyo tukio la kwanza lilivyoandikwa, upande wa picha na upande wa sauti:

JIKONI, NYUMA YA NYUMBA YA MAKUTI. ADHUHURI.

PICHA: Shee, miaka minane, anabandua sufuria ya wali mekoni. Karibu: vidole vyake chini ya sufuria, vinatoka vyeusi.
SAUTI: Kuni zinapasuka. Hakuna muziki.

PICHA: Anajimiminia maji kwa kata, haraka, anakung'uta mikono, anaketi kwenye sinia.
SHEE: Bibi, nishanawa.

PICHA: Anachota wali. Kidole kinaacha mfereji mweusi katikati ya weupe. Picha inakaa hapo. Shee anautazama wali. Bibi anamtazama Shee.
SAUTI: Kimya, sekunde nne.

BIBI (taratibu, hakaripii): Sabuni kabla ya tonge…

PICHA: Shee anainuka, anachukua sabuni. Mikono yake na sabuni vinajaa picha nzima.
SHEE (kwa kuguna): …na utokapo chooni.

Tazama mstari umewekwa wapi. Unakuja kabla ya kitendo, na unapotamkwa, picha inaonyesha sabuni. Mara nyingi nimeona ujumbe ukiwekwa mwishoni mwa tukio, msimulizi mwenye sauti nzito anafasili tulichokwisha kukiona. Mtazamaji akisikia msimulizi anajua sehemu ya hadithi imeisha, anageuka kuzungumza na jirani. Ujumbe ukiwa kinywani mwa mtu ndani ya hadithi, na kitu fulani kinasubiri usemwe ndipo kiendelee, hageuki.

Masizi yana hatari yake, na hiyo ndiyo sababu ya tukio la pili. Ukiishia kwenye mikono myeusi, umefundisha kwamba sabuni ni ya mikono inayoonekana chafu. Mikono iliyotoka chooni haionekani chafu. Basi katika tukio la pili Mwanaesha, mama yake Shee, anatoka uani kumtawaza mtoto mdogo. Mikono yake ni misafi kwa kila jicho. Anaketi, anakanda tonge dogo la kumlisha mtoto. Katika rasimu, Shee alimwambia, "Mama, masizi." Mama anauliza yako wapi, naye anajibu, "Yale yasiyoonekana."

Wanawake waliosikiliza walicheka, lakini mzee mmoja hakucheka. Akauliza: mtoto anamsahihisha mama yake mbele ya mkwewe, na nyinyi mnaionyesha kijiji kizima? Swali hilo lilibadilisha tukio, na likawa bora. Sasa Shee hasemi kitu kwa mama yake. Anafanya kazi ambayo ni ya mtoto siku zote: analeta birika, bakuli na sabuni, anapiga magoti, anamsubiri. Anaimba kile kipande cha kwanza chini chini kama anajiimbia mwenyewe. Mama anasita na tonge mkononi. Picha inakwenda kwenye mikono yake misafi, halafu kwa nukta moja tu tunarudishiwa ile alama nyeusi kwenye wali wa tukio la kwanza, halafu mikono tena. Analirudisha tonge, ananyosha mikono, anamalizia kipande cha pili mwenyewe. Hakuna aliyeaibishwa, na kiungo kati ya masizi na choo amekifunga mtazamaji kichwani mwake.

Hapohapo ndipo tunapomwonyesha mtu akinawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kunawa sawasawa kunataka kusugua kwa sekunde 20 hivi: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, ncha za kucha, dole gumba. Sasa mhariri yeyote ukimpa picha ya mtu ananawa sekunde 20 ataikata ibaki nne, kwa sababu amefundishwa kwamba picha ikikaa inachosha. Na mtazamaji ataiga alichokiona: sekunde nne. Nikaandika kwenye muswada kwa herufi kubwa: TUKIO HILI HALIKATWI. Ili lisichoshe, tukauweka wimbo. Mshororo wetu ukiimbwa kwa mahadhi ya taratibu unachukua kama sekunde kumi. Mama anauimba mara mbili huku anasugua, na mtoto mdogo anapiga maji makofi. Mara mbili ndiyo kipimo, na mtu asiye na saa anakichukua kwenda nacho nyumbani.

Kuna swali moja nililotaka filamu ilijibu bila kulitaja. Huku tunastanji kwa mkono wa kushoto na tunakula kwa wa kulia. Watu wengi hukwambia, tena kwa mantiki nzuri, kwamba mkono wa chakula haufiki chooni. Kubishana nao kwa maneno ni kujitafutia makubwa. Tulichofanya ni kuiacha kamera ifuate mikono. Mama anamtawaza mtoto kwa kushoto, sawa, lakini anamshika kwa kulia. Kata anaipokea kwa mkono huu anaihamishia ule. Anafunga mlango wa uani, anajifuta kwenye leso kwa mikono yote miwili. Sekunde kumi na tano za picha, hakuna neno. Tulipowauliza waliotazama, wengine walisema wenyewe: mikono inasalimiana. Hilo sikuliandika mimi.

Na hakuna anayetawadha kwa ajili ya swala ndani ya filamu. Nilishauriwa kuweka tukio la msikitini ili tuonekane tuko pamoja na jamii. Nilikataa. Ukiweka udhu na sabuni kwenye filamu moja, hata kama hukusema lolote, mtu atasikia kwamba udhu una upungufu. Udhu una kazi yake na umekamilika kwa kazi hiyo. Sisi tunazungumzia sinia.

Tukio la tatu ni la kuchekesha, na lilitoka kwa kunguru. Asiyekaa pwani hawezi kujua kero ya hawa ndege: kunguru weusi wa shingo ya kijivu waliotoka Bara Hindi huiba sabuni. Kipande ulichokiacha ukingoni mwa kisima hukikuti. Ukimuuliza mama kwa nini sabuni haikai karibu na choo, kunguru atatajwa mapema kuliko umaskini. Kwa hiyo Lali, baba yake Shee, anarudi kutoka baharini na njaa yake, anafika kisimani, ananyosha mkono, kunguru huyo na sabuni juu ya mnazi. Lali anamfukuza na kasia. Watoto uwanjani wanaangua kicheko kiasi kwamba hutasikia chochote kwa muda, na muswada umeacha nafasi hiyo, hakuna maneno ya maana kwa sekunde kumi zinazofuata.

Lali anakata tamaa, ananawa maji matupu, anaketi. Bibi anasema: "Sabuni kabla ya tonge…" Na hakuna anayemalizia. Shee anatazama kamera. Kimya cha sekunde tatu. Nafasi ile ni ya hadhara, na ndiyo niliyoipigania mpaka mwisho, kwa sababu kwenye chumba cha kuhariria kimya cha sekunde tatu kinaonekana kama hitilafu. Uwanjani kinajaa. Wakimalizia bila kuambiwa, unajua mstari umeingia. Wasipomalizia, ujue marudio mawili ya mwanzo hayakutosha au yalimezwa na upepo.

Kisha filamu inajibu tatizo la kunguru, kwa sababu si haki kumwambia mtu sabuni kabla ya tonge na kumwacha na kunguru wake. Bibi anachukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, anatia pakiti ya gramu 30 ya sabuni ya unga, anajaza maji, anatikisa. Anatoboa kifuniko kwa msumari wa moto. Anaitundika kwa uzi karibu na choo, na nyingine jikoni. Ukiibinya unatoka mchirizi wa maji ya sabuni, unasugua, unasuuza kwa kata. Kunguru hana habari nayo, na pakiti moja inakwenda mbali kuliko kipande.

Chupa ile inasaidia jambo jingine ambalo mtu wa Nairobi asingeliwaza. Visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvi, na vijiji vya kisiwa cha Pate hutegemea jabia za kuvuna maji ya mvua ambazo kiangazi hukauka. Sabuni ya kipande kwenye maji ya chumvi haitoi povu, inatoa utando mweupe unaonata. Filamu za afya nilizoletewa kama mfano zote zina bomba linalotiririka na povu hadi kwenye viwiko. Mtu wa Faza akiona vile ataona kwamba habari hii si yake. Sabuni ya unga huvumilia maji hayo vizuri zaidi. Bado povu letu ni dogo, na nilimwomba mpiga picha asiliongeze: mikono inasuguana, povu ni kidogo, masizi yanatoka. Maji tunayoyatumia ni ya kata moja, na kata hiyo inaonyeshwa ikijazwa ili mtu aone kipimo.

Kijiji cha filamu hakina jina. Ukisema ni Matondoni, watu wa Siyu watasema hao ndio wanaohitaji kufundishwa. Lugha ni ya nyumbani, Bibi anamwita mjukuu "ndoo" wala hasemi "njoo", lakini mstari wenyewe una maneno ambayo Muamu, Mbajuni, Mpokomo na mtu wa Mpeketoni wote wanayatamka sawa.

Watu huniuliza kwa nini hadithi iwe nyepesi hivi, je, hatuwadharau wanakijiji? Swali lina historia. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, Usambara, si mbali na Tanga, zikizungushwa Afrika Mashariki, na safura ilikuwa mojawapo ya mada. Mwaka 1939 wakaanzisha idara ya filamu ya makoloni, iliyodumu hadi 1955, na mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda kasi, hivyo filamu ziwe za polepole na za moja kwa moja. Hadithi yangu ni nyepesi kwa sababu nyingine. Mtu huyohuyo anafuatilia tamthilia ya vipindi mia kwenye simu yake na anamjua kila mhusika na ukoo wake. Tatizo liko kwenye uwanja. Kuna jenereta inanguruma nyuma ya shuka, kusi inavuma na kuyala maneno, robo ya watu wamefika filamu ikiwa katikati, na watoto wamekaa mbele kabisa wanapiga kelele. Katika hali hiyo hata profesa ataambulia mtu mmoja, tatizo moja na mstari mmoja. Ndiyo maana pia kila marudio yana picha yake ya sabuni kubwa kwenye shuka: asiyesikia aone.

Majaribio baada ya filamu kuwa tayari tuliyafanya kwa maswali machache. "Mmeelewa?" halimo, kwani jibu lake ni ndiyo siku zote, ni adabu kwa mgeni. "Mnanawa kwa sabuni?" nalo halimo, watu kila mahali hujibu ndiyo kuliko wanavyofanya. Tuliomba mtu aliyekuwepo amsimulie hadithi mtu ambaye hakuwepo, sisi tunasikiliza. Wengi walianza na kunguru, jambo ambalo lilinitia wasiwasi, maana kichekesho kinaweza kumeza filamu. Lakini walipofika kwenye chupa waliisimulia na kutoboa kifuniko kwa msumari, na masizi waliyaeleza kwa mikono. Kilichoporomoka ni kipande cha pili. Watoto waliimba "sabuni kabla ya tonge" njia nzima na kukiacha cha choo, kwa kuwa hicho Shee alikiguna tu katika tukio la kwanza. Sauti ya Shee ikarekodiwa upya, wazi, na kumbukumbu ya choo ikaongezewa picha ya mlango wa uani.

Baada ya wiki chache mhudumu wa afya ya jamii anapita nyumba kwa nyumba kwa shughuli zake za kawaida, na tumemwomba atupie jicho mahali pawili tu, jikoni na mlangoni pa choo, bila kuuliza. Kama chupa imetundikwa na imepungua, filamu imefanya kazi. Kama ipo na imejaa pomoni na vumbi begani, imetundikwa kwa ajili ya wageni. Na kama ya choo imepungua lakini ya jikoni imejaa, hapo tunajua tukio la kuandikwa upya ni la Mwanaesha na lile tonge la mtoto.